Lita Mia Mia za Lori la Kakuma

Keziah Ajwang alifika Lodwar mwaka wa 1974 akiwa na sanduku la bati, mashine ya kujumlisha iliyofungwa ndani ya blanketi, na barua iliyosema angekaa miezi sita. Alikaa miaka tisa. Barua nyingine ya kumrudisha Kisumu haikuandikwa, naye hakuuliza.

Alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye sauti ya chini. Kazi yake ilikuwa kutunza hesabu za Mradi wa Visima vya Tarach, ambao ofisi yake ilikuwa Lodwar na mitambo yake Kakuma, mwendo wa siku nzima kwa lori. Watu wa Lodwar walimpenda kwa sababu hakukopa na hakusema watu. Walimwogopa kidogo pia. Ukimwambia kwamba mbuzi wako wameongezeka, aliuliza wameongezeka kutoka wangapi.

Septemba ya 1977, meneja wa mradi, Bwana Josiah Kiplagat, aligundua kwamba fedha za dizeli zilizotengwa kwa mwaka mzima zilikuwa zimekwisha. Alikaa na orodha ya dizeli iliyotolewa stoo ya Kakuma, Januari hadi Agosti, kurasa kumi na nne zilizopigwa taipu. Kila mstari ulikuwa na tarehe, namba ya vocha, mtambo uliopewa dizeli, na lita. Mistari ilifuatana kwa tarehe, kwa hiyo pampu, Landrova na lori vilikuwa vimechanganyika kama nafaka na mawe. Baada ya kurasa tatu Bwana Josiah alichukua kalamu nyekundu. Baada ya tano akamwita Keziah.

“Mama Ajwang, hebu tazama pampu. Ishirini. Ishirini. Ishirini. Hakuna siku alichukua kumi na saba? Hakuna siku alichukua ishirini na tatu?”

“Naona,” Keziah akasema.

“Mtu mwaminifu hapati ishirini kila siku. Huyu Nanok anachukua dizeli na kuandikisha anavyotaka.”

Nanok alikuwa mwendesha pampu wa Kakuma. Pampu yake ilivuta maji ya kisima kwa ajili ya mji, zahanati na mifugo iliyotoka mbali. Bwana Josiah hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekuwa na barua ya kujibu kutoka Nairobi. Asubuhi ile ile alipiga redio ya mawasiliano, akaagiza Nanok asimame kazi, na ufunguo wa chumba cha pampu ukabidhiwe mtunza stoo. Kisha akamwomba Keziah amtolee mistari yote ya pampu ili aiambatanishe na barua ya kumfukuza.

“Ya pampu peke yake?” Keziah akauliza.

“Ndiyo. Hiyo mingine ya nini?”

Keziah alisema sawa. Lakini aliona kwamba huwezi kuitoa mistari ya pampu bila kuitenga na ile mingine, na ukishaitenga, ile mingine nayo inakuwa imetengwa. Kwa hiyo hakuona kwamba alikuwa anakiuka amri.

Alikata makasha ya sabuni yakawa kadi ndogo ndogo. Kila mstari wa orodha akaunakili kwenye kadi yake: tarehe, vocha, mtambo, lita. Kadi zikafika mia tatu tisini na mbili. Akazihesabu tena, akahesabu na mistari ya orodha, zikalingana. Akajumlisha lita zote kwa mashine, zikaja 14,607, sawa na jumla iliyoandikwa chini ya ukurasa wa mwisho. Hapo ndipo alipoanza kazi yenyewe. Kadi iliyopotea kabla ya kuanza, alikuwa akisema, itakusumbua mpaka mwisho.

Alichukua chumba cha mikutano, kwa kuwa kilikuwa na sakafu ya saruji na hakuna aliyekutana. Upepo wa Lodwar ukitoka mchana hauna adabu, hivyo alifunga madirisha na kukaa ndani ya joto ambalo lingempeleka mtu mwingine hospitali. Akapanga kadi kwa mtambo kwanza. Yakatokea mafungu matatu.

Pampu: kadi 186, lita 3,720. Landrova: kadi 94, lita 3,514. Lori la kubeba mabomba na kokoto, lililokaa Kakuma kwenyewe: kadi 112, lita 7,373.

Aliitazama ile jumla ya pampu, akaigawa kwa siku za miezi minane. Ikaja lita kumi na tano na kidogo kwa siku. Akafungua kabati, akatoa kitabu cha injini ya pampu kilicholetwa nayo. Kilisema injini ile hula lita mbili kwa saa. Nanok alikuwa akipiga maji kama saa nane kwa siku. Mbili mara nane ni kumi na sita. Kwa hesabu hiyo, Nanok alikuwa akitumia pungufu kidogo ya haki yake.

Lakini zile ishirini zilibaki palepale, zote 186, hata moja haijatofautiana na nyingine. Keziah hakupenda kuzipuuza kwa sababu tu jumla ilikuwa nzuri. Akaandika kwenye karatasi: “Kwa nini ishirini?” akaenda kwenye fungu la pili.

Landrova alizipanga kwa lita, kubwa juu, ndogo chini. Zilishuka vizuri: 66, 64, 61, 59, mpaka 18. Isipokuwa iliyokaa juu kabisa, ambayo ilikuwa 104. Tangi la Landrova ile halikupita lita sabini. Akaandika: “104, iliingia wapi?” Kisha akazipanga upya kwa tarehe, akapata kadi mbili zenye siku moja na lita 38 kila moja. Akaandika hilo pia.

Fungu la lori lilikuwa la mwisho. Akazipanga kwa lita vilevile. Dereva wa lori alijaza tangi kila mara mpaka shingoni, na tangi likijazwa namna hiyo halichagui namba: 47, 52, 58, 63, 71, 83. Kila namba ilitokea mara moja, mara mbili, mara nne ilipozidi sana. Halafu akafika mia. Mia zilikuwa kumi na moja, zimekaa pamoja kama watu wa ukoo mmoja kwenye harusi.

Keziah alizichomoa zile kumi na moja, akazitandaza na kuzisoma tarehe. Zote zilikuwa za siku ya mwisho ya mwezi au siku moja kabla yake. Zilianza Machi, mbili kila mwezi, ila Aprili iliyopata moja. Januari na Februari hazikuwa na hata moja. Akarudi kwenye kadi za lori zilizobaki, akazipanga kwa tarehe na kutafuta pacha. Akapata jozi nne: siku moja, lita zilezile, namba za vocha tofauti. Hizo nazo zilikuwa za baada ya Februari.

Akajumlisha mia zote na pacha mmoja wa kila jozi. Lita 1,359.

Siku iliyofuata alimpelekea Bwana Josiah mistari ya pampu kama alivyoagizwa, na juu yake karatasi moja.

“Nilikuuliza kuhusu pampu,” Bwana Josiah akasema alipomaliza kusoma.

“Ya pampu ni hiyo hapo chini.”

“Na hii ya juu?”

“Ndiyo sababu ya hiyo ya chini kutotosha, Bwana Meneja. Pampu iko sawa na injini yake. Lori haliko sawa. Lakini sijui kwa nini. Inawezekana liko sawa pia. Vocha ziko Kakuma.”

Bwana Josiah alisoma tena. Kisha akatoa jambo ambalo hakutaka kulitoa: kwamba tangu Nanok asimamishwe, pampu haikuwaka. Mtu aliyetumwa na mtunza stoo kuiwasha alizungusha mkono wa injini ukampiga akavunjika kidole. Zahanati ilikuwa ikichota maji mchangani, kwenye lugga, ule mto mkavu. Ng'ombe walikuwa wamesimama kwenye birika kavu na wenyewe walikuwa wamesimama nyuma yao, na chifu alikuwa amepiga redio mara mbili.

“Nenda,” akasema. “Mwambie Nanok aanze kwa muda. Kwa muda, umesikia?”

Keziah alisafiri na lori la Lodwar lililokuwa likipeleka mapipa sita ya dizeli. Dereva alikuwa Kipkemboi, kijana wa kucheka, aliyejiunga na mradi mwezi wa Machi. Alimletea Keziah vitunguu kila alipotoka Kitale na kumwita mama. Njia nzima aliongea juu ya dada zake, na Keziah akafurahia safari kuliko alivyotarajia. Walisimama mara moja kula, kando ya lugga, karibu na kinu cha kusaga posho. Mwenye kinu alimsalimu Kipkemboi kwa jina.

Kakuma ilikuwa maduka machache, kituo cha polisi, misheni na vumbi. Keziah alishuka stoo, akachukua ufunguo, akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha pampu. Nanok alikuwa ameketi nje kwenye kigoda chake, mgongo kwa mlango uliofungwa, akiwatazama ng'ombe wa watu.

“Ejok,” Keziah akamsalimu kwa Kiturkana.

“Ejok nooi.” Hakuinuka.

“Nimetumwa na Bwana Josiah. Utaanza kazi, kwa muda.”

“Muda gani?”

“Hakusema.”

Nanok alifikiri. “Maji iko chini, haijui muda,” akasema. Akanyoosha mkono apewe ufunguo.

Kabla hajaingia Keziah alimuuliza kwa nini kila siku aliyochukua dizeli alichukua lita ishirini. Nanok akamtazama kwa huruma, kama mtu anayeulizwa kwa nini anavaa viatu viwili. Akaingia ndani, akatoka na mtungi wa plastiki uliopauka kwa jua.

“Hii nabeba ishirini,” akasema. “Mimi naenda stoo, Ethuro najaza. Mimi naleta, naweka kwa injini. Mtungi ikiisha, naenda tena. Wewe unataka nibebe kumi na saba, hiyo tatu niache kwa nani?”

Keziah alitoa karatasi yake, akafuta swali la kwanza. Nyuma yake injini ilikohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena na kushika. Ng'ombe waliisikia kabla ya watu kuelewa.

Mtunza stoo aliitwa Cornelius Ethuro. Alikuwa mtu wa Kakuma, mzee wa kanisa, aliyesoma mpaka darasa la nane na kuandika kwa mwandiko uliosimama wima kama askari. Asubuhi iliyofuata alimkaribisha Keziah chai, akampa vitabu vya vocha vyote bila kuombwa mara ya pili. Keziah alimheshimu sana Cornelius. Ripoti zake zilifika kwa wakati na hazikuwahi kuwa na kosa la kujumlisha.

Walianza na Landrova. Kuhusu 104, Cornelius hakuhitaji hata kufungua kitabu.

“Hiyo ni safari ya Lowarengak, kule ziwani. Hakuna dizeli njiani. Tangi likachukua sitini na nne, na mitungi miwili ikafungwa nyuma.”

Vocha ilisema hivyohivyo, 64 na 40, na saini ya dereva. Zile 38 mbili za siku moja zilikuwa za mama aliyeshindwa kujifungua. Landrova ilimpeleka hospitali ya Lodwar asubuhi ikarudi mchana, ikajazwa, ikaenda tena kumpeleka mume akamtolee damu. Vocha mbili, saini mbili.

“Mtoto alipona?” Keziah akauliza.

“Alipona. Wamemwita Landrova, lakini Padre amekataa kumbatiza hivyo.”

Keziah akafuta maswali mawili. Kisha akaweka kadi kumi na moja mezani, moja moja. Cornelius alizisoma zote kutoka upande wake wa meza. Alipofika ya mwisho aliinuka, akaenda kufunga mlango, akarudi kuketi.

“Mama Ajwang,” akasema, “chai yako inapoa.”

“Nitakunywa. Hizi ni nini?”

“Hizo hazikwenda popote.”

Keziah alichukua kalamu.

“Mimi hupima mapipa kila mwisho wa mwezi,” Cornelius akasema. “Natumbukiza kijiti, nasoma kilichobaki. Mwezi wa tatu nikapima, nikakuta pungufu ya lita zaidi ya mia mbili. Nikapima tena. Nikapima na mke wangu akiwa ameshika taa. Pungufu ileile. Stoo haijavunjwa, pipa halivuji. Nikaanza kuandika barua ya kueleza, halafu nikakumbuka ile karatasi iliyo ukutani.”

Keziah aligeuka akaitazama. Ilikuwa na maneno yake mwenyewe, aliyoyapiga taipu miaka miwili nyuma kwa maagizo ya meneja wa zamani. Upungufu wowote wa dizeli utakatwa kwenye mshahara wa mtunza stoo.

“Lita mia mbili ni mshahara wangu,” Cornelius akaendelea, “na kitu juu. Nina watoto wanne shule. Basi nikaliandikia lori lita mia, na mia nyingine. Kilichobaki nikaandika mara mbili mstari wa kweli, ili hesabu ifike palepale. Nilidhani mwezi unaofuata utakuwa mzuri. Haukuwa mzuri.”

Alisema yote hayo kwa utulivu wa mtu anayesoma ripoti. Keziah alitamani apandishe sauti, au alie. Angejua la kufanya. Alifungua vitabu vya vocha, na kwa zile kumi na moja na pacha nne, mahali pa saini ya dereva palikuwa na mwandiko uliosimama wima.

“Ulipaswa kuandika pungufu,” akasema mwishowe.

“Na pungufu angelipa nani?”

Keziah alikunywa chai. Ilikuwa imepoa kweli. Kisha akaomba kijiti.

Wakaenda wawili kwenye yale mapipa sita yaliyoshushwa jana yake, wakayasimamisha, wakapima. Kila moja lilikuwa limejaa mpaka kwenye alama ya lita mia mbili. Cornelius alipima la sita mara mbili, akakaa chini juu ya tairi. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye mgonjwa wake amepona mbele ya daktari.

“Naapa mbele ya Mungu,” akasema.

“Usiape,” Keziah akamwambia. “Haya yamekuja nami.”

Alisema hivyo, kisha akasikia alichokisema. Akauliza ni nani aliyepima mapipa yalipokuwa yakipokewa siku zote, na Cornelius akasema hakuna. Pipa ni lita mia mbili. Likishushwa sita, huandikwa elfu moja na mia mbili.

“Basi usimwambie mtu,” Keziah akasema. “Safari ijayo, kabla hujasaini, pima. Mwite koplo wa polisi asimame hapo na wewe.”

Alirudi Lodwar kwa lori lilelile. Kipkemboi aliimba njia nzima, na mbele ya kinu cha posho hakusimama. Keziah alimpa karanga alizonunua Kakuma kwa sababu alikuwa amezinunua kwa ajili yake.

Ofisini alitoa faili lake mwenyewe la mapipa yaliyopelekwa Kakuma. Alikuwa amejaza mistari hiyo kwa mkono wake tangu Januari, na hakuwahi kuiona. Mapipa sabini na matano, na kila mstari ulikwisha kwa sifuri mbili: 1,000, 1,200, 800, 1,200. Alikuwa amezikagua mia za lori la Kakuma mpaka akazijua sura, na hapa, kwenye meza yake, hapakuwa na namba hata moja isiyo mia. Hakuna aliyepima, ila kuhesabu mapipa tu. Akahesabu yaliyokwenda tangu Machi. Sitini. Akagawa 1,359 kwa sitini, ikaja lita ishirini na mbili na zaidi. Hiyo ni mtungi mmoja kwa pipa, na kidogo kilichomwagika.

Alimweleza Bwana Josiah. Bwana Josiah alikuwa na tabia nzuri moja: ukimwonyesha namba alizijumlisha mwenyewe kabla ya kubisha. Alijumlisha. Kisha akauliza swali ambalo Keziah alikuwa akiliogopa.

“Ethuro ameandika uongo miezi sita?”

“Ndiyo.”

“Na wewe unataka nifanye nini?”

“Nataka ujue kwamba ameandika uongo, na kwamba hakuiba. Yote mawili.”

Mapipa ya safari iliyofuata yalijazwa kwenye tangi la Lodwar wakati Kipkemboi akiwa amekwenda kula. Bwana Josiah na Keziah waliyapima kwa kijiti, wakaandika, wakasaini. Lori likaondoka asubuhi. Jioni redio ikaita kutoka Kakuma, na sauti ya Cornelius ikasoma vipimo sita, pole pole, huku koplo akirudia kila kimoja nyuma yake. Kila pipa lilikuwa limeshuka karibu upana wa kiganja.

“Na dereva?” Bwana Josiah akauliza.

“Dereva anasema dizeli husinyaa kwa baridi,” Cornelius akajibu.

Siku hiyo Kakuma ilikuwa na joto la kupasua mawe. Koplo alikwenda na Landrova mpaka kwenye kinu cha posho, akakuta mitungi sita nyuma ya gunia, bado ina jasho la dizeli, na mpira wa kunyonyea. Mwenye kinu alikuwa mtu mwepesi wa kukumbuka. Alikumbuka hata bei.

Kesi ilisikilizwa Lodwar mwezi wa Novemba. Kipkemboi alikana. Keziah akaitwa, akaulizwa na hakimu alijuaje. Akaanza kueleza: kwamba kwanza unahesabu kadi ili zilingane na mistari, kisha unazipanga kwa mtambo na kutoa jumla ya kila fungu, kisha unazipanga kwa lita ili zile za ajabu zije juu na zile zinazofanana zikae pamoja, kisha kwa tarehe. Alipofika kwenye pacha wa Landrova, ambao walikuwa wa kweli, na kwa nini walikuwa wa kweli, hakimu alimwomba afupishe. Keziah alisema haiwezekani kufupisha bila kumwacha mtu. Akaruhusiwa kuendelea. Aliposhuka kizimbani Kipkemboi aliinua mkono, akaomba kubadilisha jibu lake. Hakimu alionekana kushukuru.

Alifungwa mwaka mmoja. Wakati askari wanampitisha alimwangalia Keziah, akasema, “Mama, hata wewe?” bila hasira, kama mtu aliyekutana na jirani mahali asipomtarajia. Kwa miezi mingi baadaye Keziah alinunua vitunguu sokoni kwa muuzaji aitwaye Mugure, na kila mara aliviona ghali.

Cornelius alipewa barua ya onyo na kuondolewa stoo. Keziah ndiye aliyeipiga taipu, na hakulegeza neno. Lakini pamoja nayo alipiga taipu karatasi nyingine, ambayo Bwana Josiah aliisaini baada ya kukaa nayo siku kadhaa: upungufu ukitangazwa siku unapoonekana, mtunza stoo hatakatwa kitu mpaka uchunguzi ukamilike, na hakuna pipa litakalopokelewa bila kupimwa. Cornelius alihamishiwa kazi ya kuandika vipimo vya maji visimani, yenye mshahara mdogo zaidi. Mke wake aliacha kumsalimu Keziah. Cornelius mwenyewe hakuacha. Kila robo ya mwaka vipimo vyake vilifika Lodwar kwa wakati, na Keziah alizoea kuona ndani yake namba kama 31.7 na 28.4, na mara moja 30.0, ambayo chini yake alikuwa ameandika: “Hii ni kweli, nimepima mara tatu.”

Bwana Josiah alikwenda Kakuma mwenyewe kumwona Nanok. Alipeleka tumbaku. Alisimama mbele ya kile kigoda, mbele ya watu waliokuwa wakichota maji, akasema kwamba alikosea, akasema kwa sauti ya kusikika. Nanok alipokea tumbaku, akainusa, akaiweka.

“Ile siku pampu ilikuwa imelala,” akauliza, “nani nalipa?”

“Mradi utalipa.”

“Basi andika,” Nanok akasema, na akaingia ndani kuongeza dizeli.